Klipu ya mtangazaji anayeuza "mfumo mpya": apu inasema halisi, mdomo unasema mengine

"Kaka habari za kazi. Kwenye grupu letu la kikoba imeletwa vidio ya mtangazaji maarufu wa taarifa ya habari, anasema kuna mfumo mpya, unaweka elfu hamsini unapata laki mbili kwa wiki. Wengine wanasema feki, wengine wameshaanza kuchanga. Mpwa wangu kaiweka kwenye apu ya kupimia ikasema halisi asilimia 87, akaiweka kwenye tovuti nyingine ikasema feki asilimia 62. Mimi mwenyewe nimeangalia macho, anapepesa vizuri tu. Sasa tunajuaje? Nimekutumia klipu."

Salama dada, klipu nimeipata na jana jioni yote nimeshinda nayo. La kwanza kabla ya yote, hao walioanza kuchanga waambie wasimame, hiyo ni feki. Ila si apu iliyoniambia, na wala si macho, kwahiyo ngoja nikueleze nimefikaje huko maana wiki ijayo mtaletewa nyingine yenye sura ya mtu mwingine na mimi sitakuwepo.

Tuanze na macho kwa sababu ndo ulipoanzia wewe, na karibu kila mtu anaanzia hapo. Hiyo habari ya kupepesa ina chanzo chake. Mwaka 2018 Profesa Siwei Lyu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Albany, jimbo la New York, waligundua kwamba vidio feki za wakati ule zilikuwa hazipepesi macho ipasavyo. Sababu ilikuwa rahisi sana, kompyuta ilifundishwa kwa mapicha ya watu, na nani anaweka mtandaoni picha aliyofumba macho? Hakuna, tunazifuta. Basi mashine ikajua sura yenye macho wazi tu. Walipotangaza, haikuchukua muda watengenezaji wakaongeza picha za macho yaliyofumba na tatizo likaisha. Yaani dalili iliishi miezi kadhaa, ila ushauri wake bado unazunguka kwenye magrupu mpaka leo kama vile ni sheria.

Na madhara yake si kwamba unadanganyika na feki peke yake, hata cha kweli unakiona feki. Gabon, mwisho wa 2018, Rais Ali Bongo alikuwa hajaonekana tangu Oktoba alipougua akiwa Saudi Arabia. Mwaka mpya ikatolewa vidio ya hotuba yake, na watu wakaanza kuichambua, uso umekakamaa, macho hayapepesi kawaida, mkono hausogei, wakasema hiyo ni ya kompyuta. Tarehe 7 Januari 2019 wanajeshi wakaingia kituo cha redio ya taifa Libreville wakajaribu kupindua serikali, na hotuba ile waliitaja kama sababu mojawapo. Jaribio likashindwa siku ileile. Wataalamu walioipima vidio baadaye hawakupata ushahidi kwamba ilichezewa. Rais alikuwa amepata kiharusi, na mtu aliyepata kiharusi uso unaweza kukakamaa, ndo ilivyo. Mimi kila mtu akiniletea orodha ya "dalili saba za vidio feki" naikumbuka ile hotuba, maana mgonjwa yule angefeli karibu zote.

Sasa klipu yako. Kabla ya kutafuta dalili lazima ujiulize hii ingekuwa feki ingetengenezwaje, kwa sababu kila aina inaacha alama zake sehemu tofauti. Ipo ya kuvalishwa sura, mwili wa mtu mmoja na uso wa mwingine, hiyo unaangalia kingo za uso, paji linapokutana na nywele, chini ya kidevu, miwani, mkono unapopita mbele ya uso. Ipo ya kutengenezwa mzimamzima toka mwanzo. Alafu ipo rahisi kuliko zote, ambayo ndo wanayoitumia hawa wauza mifumo na wauza dawa za kisukari na nguvu za kiume: wanachukua vidio halisi ya mtangazaji akisoma habari, wanatengeneza sauti inayofanana na yake, alafu kompyuta inachora upya mdomo tu ufuate sauti mpya. Macho ni yake kweli. Kupepesa ni kwake kweli. Studio, kivuli, koti, mikono, vyote halisi. Ndo maana wewe uliangalia macho ukaona yako sawa, na ulikuwa sahihi kabisa, yale macho hayajaguswa. Kilichoguswa ni eneo dogo kama kiganja, kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni.

Kwahiyo tunakwenda mdomoni, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko unavyodhani.

Jaribu sasa hivi kusema "mama" bila kufunga midomo. Huwezi. Sema "baba", sema "pombe", sema "mbili", lazima midomo igusane ifunge kabisa, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Herufi hizo tatu, m, b na p, haziwezekani mdomo ukiwa wazi, kwa binadamu yeyote. Alafu f na v zinataka mdomo wa chini uguse meno ya juu. Watafiti wa Marekani, akiwemo Hany Farid wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2020 walitoa njia ya kukamata vidio feki kwa hesabu hiyohiyo, wakitafuta sehemu ambazo sauti inasema m, b au p na mdomo haujafunga. Wao walifanya kwa Kiingereza. Sisi lugha yetu imejaa hizo sauti, m ya mtu na mti na mwaka, mb ya mbili na mbuzi, mp ya mpya, u-me, a-me, ni-me, huwezi kusema sentensi mbili za Kiswahili bila kufunga mdomo mara kadhaa. Kila kufunga ni sehemu ya kupimia.

Nilichofanya ni hivi. Nilichukua kipande kile anachosema, nakinukuu kama nilivyokiandika kwenye karatasi: "Habari njema kwa Watanzania wote, mfumo mpya umepitishwa, weka elfu hamsini upate laki mbili kwa wiki." Nikapiga mstari chini ya kila sehemu ambayo midomo lazima ifunge. Ha-b-ari, moja. Nje-m-a, mbili. "Mfumo" inafunga mara mbili, ile m ya mwanzo na ile ya mwisho, na katikati kuna f ya meno. "Mpya" mara moja, maana m na p zinafunga pamoja. "Umepitishwa" mara mbili. "Hamsini", "upate", "mbili", moja moja. Jumla kumi. "Watanzania wote" haina hata moja, "kwa wiki" haina, w inabinua tu midomo haifungi. Na f ziko mbili, kwenye mfumo na elfu.

Alafu nikaipasua klipu iwe picha moja moja. Kwenye kompyuta mi natumia programu inaitwa ffmpeg, ni ya bure, hii hapa inatoa sekunde nne kuanzia sekunde ya sita:

```
ffmpeg -ss 6 -t 4 -i klipu.mp4 -vf fps=25 fremu_%03d.png
```

Zinatoka picha mia, kila moja ni sehemu ya 25 ya sekunde. Kama huna kompyuta, VLC kwenye laptop ya mtu unabonyeza herufi `e` inasogea fremu moja moja, na kama vidio iko YouTube unaisimamisha alafu unabonyeza nukta kusogea mbele na mkato kurudi nyuma. Sauti ya m huchukua kama fremu mbili au tatu kwa mtu anayeongea kwa mwendo wa kusoma habari, b na p ni fupi zaidi, zinaweza kuwa moja tu au mbili, kwahiyo usikimbilie kusema haikufunga, rudi nyuma mbele mara kadhaa.

Matokeo: kati ya sehemu kumi mdomo ulifunga vizuri sita. Kwenye "njema" midomo inakaribiana alafu inabaki na ufa, ndani yake unaona kitu cheupe. "Mpya" haikufunga kabisa, na hiyo ndo neno alilolikazia sauti, mtu akikaza neno midomo inabana zaidi siyo pungufu. "Umepitishwa" ya kwanza sawa ya pili hakuna. "Mbili" ilifunga nusu, upande mmoja wa mdomo umegusana na mwingine uko wazi, ambayo kwa mtu mzima asiye na tatizo la uso ni kitu cha ajabu. F zote mbili meno hayakuonekana kugusa chochote. Na kuna kituko kingine, akisema "kwa wiki" mwishoni midomo inafunga kabisa katikati ya neno ambalo halihitaji kufunga. Hilo ndo lilinikalisha chini.

Na hivyo vyeupe ndani ya mdomo, viangalie. Kwenye fremu nyingi meno ni mstari mmoja mweupe hauna mgawanyiko, na yanabadilika unene toka fremu hadi fremu. Kuna sababu ya kiufundi. Mojawapo ya programu zilizosambaa sana kwa kazi hii, Wav2Lip ya mwaka 2020 ambayo kila mtu anaweza kuipakua, inachora uso kwenye kiboksi cha pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, 96 kwa 96 tu. Uso wa mtangazaji kwenye vidio nzuri unaweza kuwa na pikseli mia tatu kwenda juu, kwahiyo kile kiboksi kinavutwa mara tatu ndipo kibandikwe, na kitu kikivutwa kinakuwa na ukungu. Ndo unakuta kola ya shati na kipaza sauti kwenye koti viko wazi unaweza kuhesabu nyuzi, na mdomo uliopo sentimita chache juu yake umefifia. Ukungu wa picha nzima si kitu, simu mbovu inaleta hivyo. Ukungu wa mdomo peke yake ndo unauliza maswali. Ila programu mpya zinachora kwa ubora mkubwa zaidi na nyingine zinaongeza hatua ya kunoa uso mwishoni, basi hiyo alama nayo inaelekea kulekule ilikoenda ya kupepesa.

Sasa subiri kidogo kabla hujawakamata watu wote. Vidio halali kabisa inaweza kuwa na mdomo usioendana na sauti. Mtu kaipakua vibaya, kaihariri kwenye simu, sauti ikachelewa. Nshapelekewa vidio ya mkutano wa kijiji, watu wanaapa ni feki kwa sababu mdomo wa mwenyekiti na maneno viko mbalimbali, kumbe sauti imechelewa basi. Namna ya kutofautisha: kwenye sauti iliyochelewa, kosa ni lilelile mwanzo mpaka mwisho. Kama mdomo umefunga fremu tano kabla ya m ya kwanza, utafunga fremu tano kabla ya m ya kumi, yaani kila kufunga kupo ila kumesogea. Ukisogeza sauti vyote vinakaa mahali pake. Kwenye klipu yako nilisogeza sauti mbele, nikarudisha nyuma, hakuna sehemu ambayo kumi zote zinakaa, maana nyingine hazipo kabisa na ile ya "wiki" ni ya ziada. Huwezi kusogeza sauti ukaumba kufunga mdomo ambako hakukutokea.

Kitu kingine cha kuangalia ni idadi ya fremu. Klipu ikishapita wasap mara nyingi au ikarekodiwa kutoka kwenye skrini inaweza kubaki na fremu 15 kwa sekunde badala ya 25, na hiyo amri niliyokupa juu itazijaza zile zinazokosekana kwa kurudia, unakuta picha mbili zinafanana kama pacha. Hapo b fupi inaweza kuwa imepotea katikati na si kosa la mtu. Ukiona mapacha mengi, usizihesabu b na p, baki na m ambazo ni ndefu. Na kama mtangazaji ana barakoa, ndevu nyingi au kipaza sauti kimefunika mdomo, njia hii yote haipo, usilazimishe.

Lakini dada, pamoja na hizo hesabu zote za midomo, bado mi nisingekuandikia "ni feki" kwa uhakika niliokuandikia. Kufunga sita tu kati ya kumi ni dalili nzito ila ni dalili. Kilichofunga kesi ni vidio mama. Kama nilivyosema, hii aina inatengenezwa juu ya vidio halisi, maana yake vidio halisi ipo mahali, na mara nyingi ipo mahali pa wazi. Nikachukua fremu tatu nzuri, nikaziweka kwenye Google Lens, ile inayotafuta mtandaoni kwa kutumia picha, sikupata kitu. Kwenye Yandex nayo hakuna. Ndo nikaangalia tena picha, nikaona koti la mtangazaji limefungwa vifungo upande usio wake, na mandhari ya studio nyuma yamekatwa vibaya juu ambapo nembo ya kituo hukaa. Wameigeuza kushoto kulia kama kwenye kioo, wakakata na nembo. Hii mbinu ya zamani sana ya kukwepa watafutaji. Nikaigeuza tena:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf hflip geuza.mp4
```

Nikatoa fremu upya nikatafuta, ikaja. Taarifa ya habari ya kituo chenyewe, iko kwenye chaneli yao ya YouTube, koti lilelile, kalamu ileile mezani, na pale kwenye sekunde ya tisa anapoinua mkono wa kulia na kuinamisha kichwa kidogo, kwenye vidio mama anafanya hivyohivyo fremu kwa fremu, macho yanapepesa sehemu zilezile. Tofauti ni mdomo na maneno tu, pale alikuwa anasoma habari za bei ya mazao. Mtu hawezi kurudia kupepesa kwake kwa mpangilio uleule siku nyingine, kwahiyo hapo mjadala umeisha. Linki nimekutumia pembeni, weka zote mbili kwenye grupu watu wajionee, hiyo itawatuliza kuliko maneno yangu.

Haya, apu za mpwa wako. Kwanini moja 87 halisi na nyingine 62 feki kwa klipu ileile?

Ile asilimia watu wanaisoma vibaya. 87 haimaanishi kuna uwezekano wa 87 kwa mia kwamba vidio ni ya kweli. Inamaanisha ile programu, kwa kulinganisha na vidio ilizofundishwa, imeona hii inafanana zaidi na kundi la halisi. Kama kwenye mafunzo yake ilionyeshwa sana zile za kuvalishwa sura, inatafuta alama kwenye kingo za uso, na kwenye klipu yako kingo za uso ni za mtu kweli, haikukuta kitu, ikatoa 87 kwa kujiamini kabisa. Ni kama kumpeleka fundi wa redio akague pikipiki, atakuambia waya zote ziko sawa.

Alafu kuna kubanwa. Klipu imetoka kwa tapeli, ikapita grupu moja, mbili, kumi, na wasap inaibana vidio ili ipite na bando dogo. Namna ya kubana inagawa picha kwenye viboksi, kwa mfumo wa H.264 ni pikseli 16 kwa 16, na ndani ya kila kiboksi inatupa vitu vidogovidogo ambavyo jicho halivioni. Tatizo ni kwamba hivyo vidogovidogo ndo alama ambazo mashine inazitafuta. Klipu uliyonitumia mdomo wote una upana wa kama pikseli 40, yaani unaingia kwenye viboksi viwili na nusu. Mashine inaangalia nini hapo? Hili limepimwa. Mwaka 2019 watafiti walitoa mkusanyiko wa vidio unaoitwa FaceForensics++, na programu yao bora ilipata zaidi ya asilimia 99 kwenye vidio ambazo hazijabanwa, zilipobanwa sana ikashuka mpaka kama 81. Na hiyo ni kwenye aina zilezile za feki ilizofundishwa, yaani mtihani wenye maswali ya darasani.

Ikitoka nje ya darasa ndo balaa. Facebook na washirika wao waliandaa shindano kubwa la kukamata vidio feki, likaisha 2020, washiriki zaidi ya elfu mbili, vidio zaidi ya laki moja za kujifunzia. Kwenye vidio za mazoezi walizozijua, mshindani bora alifika asilimia 82 na kitu. Kwenye vidio zilizofichwa ambazo hawakuwahi kuziona, mshindi alipata 65. Ukirusha shilingi juu unapata 50, kwahiyo wabobezi wa dunia nzima walikuwa wameizidi shilingi kwa pointi 15. Tangu hapo programu zimeboreka, sikatai, ila na feki zimeboreka, na kila aina mpya ikitoka wapimaji wanaanza nyuma.

Ngozi nayo. Mwaka 2021 watafiti walipima programu za namna hii kwa makundi ya jinsia na rangi mbalimbali wakakuta kiwango cha makosa kinapishana mpaka asilimia 10.7 kati ya kundi na kundi, kwa sababu vidio za kufundishia hazikuwa na mchanganyiko wa kutosha. Apu ya mpwa wako haijakuambia imefundishwa kwa nyuso za nani. Mi mwenyewe nshawahi kujirekodi kwa simu sebuleni, usiku, taa moja, kitu halisi kabisa, nikaituma wasap kwenda na kurudi mara tatu, nikaipandisha kwenye tovuti moja ya kupimia, ikaniambia mimi ni feki. Mke wangu alicheka wiki nzima.

Wapo waliojaribu njia ya mapigo ya moyo, na hii naipenda kwa akili iliyotumika. Moyo ukidunda, damu inayopita usoni inabadilisha kidogo sana mwanga unaorudi kwenye ngozi, hasa wa kijani, jicho halioni ila kamera inanasa. Kampuni ya kompyuta ya Intel mwaka 2022 walitangaza kifaa kinachosoma hayo mapigo, wakasema kinapatia asilimia 96. BBC walipokijaribu 2023 kiliita feki baadhi ya vidio halisi, hasa zilizokuwa na ubora mdogo. Alafu 2025 watafiti wa Berlin wakaonyesha kwamba feki za kuvalishwa sura siku hizi zinabeba mapigo ya moyo ya yule mtu wa asili aliyechezewa chini yake. Na kwa klipu kama yako ni wazi hata bila utafiti, paji na mashavu ni ya mtangazaji mwenyewe, moyo ni wake, utadunda vizuri tu wakati mdomo unauza uongo. Nyongeza, ngozi nyeusi inameza mwanga zaidi hivyo ishara yenyewe inakuwa hafifu tangu mwanzo.

Hata tukipata programu nzuri kabisa kuna hesabu inayowachanganya watu. Chukua klipu 1000 zinazopita kwenye magrupu yenu kwa mwezi, tuseme 20 ndo feki za kompyuta. Na tuseme programu inapatia 90 kwa mia pande zote. Kwenye feki 20 itakamata 18, vizuri. Kwenye halisi 980 itakosea 98, itaziita feki. Sasa ikikupigia kengele mara 116, za kweli ni 18 tu. Kengele sita, moja ndo ina mwizi, na hata hiyo moja haifiki. Hapo programu haijaharibika popote, inafanya kazi kama ilivyoahidi.

Kwahiyo zina kazi gani? Mi nazitumia, tena tatu kwa pamoja, ila kama kitu cha kuniambia niangalie wapi. Zinazofaa ni zile zinazoonyesha ramani, zinapaka rangi sehemu ya uso iliyoitia shaka, siyo zinazotoa namba moja kubwa. Kama zote tatu zinaelekeza mdomoni, naenda mdomoni na kalamu yangu. Kama zinapishana, kama ilivyotokea kwa mpwa wako, basi hazijasema kitu, na 62 na 87 huwezi kuzijumlisha ugawe kwa mbili.

Umeuliza "tunajuaje", na kuna siku hamtajua. Vidio mama haitapatikana kwa sababu imetengenezwa mzimamzima au ilichukuliwa kwenye kitu kilichofutwa, mdomo utafunga kumi kwa kumi kwa sababu programu imekuwa nzuri. Siku hiyo kukosa dalili kusikufanye useme ni halisi, useme "sikuona dalili", ni vitu viwili tofauti. Mambo ya pesa mnarudi kwenye maswali ya kikoba ya kawaida, nani anapokea hiyo elfu hamsini, namba ya simu imesajiliwa kwa jina gani, na je kituo chenyewe kwenye kurasa zake rasmi kimetoa hiyo taarifa. Elfu hamsini kuzaa laki mbili kwa wiki, hata angesema mtangazaji mwenyewe laivu mbele yenu mkiwa mmekaa naye, jibu lingekuwa lilelile.

Ukiletewa nyingine usinitumie kama vidio ya kawaida, bonyeza alama ya kiambatisho uchague dokumenti alafu uitafute hapo, hivyo wasap haitaibana tena juu ya ilivyobanwa. Na muulize aliyeileta kaitoa wapi, afu huyo naye, mpaka mfike kwa wa mwanzo mnayeweza kumfikia. Nakala yake huwa na pikseli nyingi kuliko yenu. Kama inasambaa sana wapelekeeni pia wahakiki wa habari kama JamiiCheck au PesaCheck, mara nyingine wanakuwa wameshaikamata na vidio mama wanayo tayari, mimi ningeokoa jioni nzima.